Picha Hamsini za Mahafali: Kutambua Makosa ya Mipangilio Iliyonakiliwa na Maski za Otomatiki katika Lightroom Classic

Mwongozo huu ni wa mhariri wa studio ndogo aliyepokea picha 50 za wahitimu, akahariri ya kwanza vizuri, akanakili mipangilio yake kwenye 49 zilizobaki, kisha akakuta baadhi ya nyuso zimepauka, nyingine zimeelekea manjano, na alama iliyofuta chunusi ya mhitimu mmoja imetua kwenye jicho la mwingine. Programu ninayoizungumzia ni Adobe Lightroom Classic, na mikato ya kibodi niliyoitaja ni ya Windows. Anayetumia Mac aweke Command mahali pa Ctrl, na Option mahali pa Alt.

Mfano nitakaoufuata ni wa kazi ya kawaida. Wahitimu wamevaa joho jeusi na kofia, wanaketi mmoja mmoja mbele ya pazia la kijivu, na kamera imesimama juu ya tripodi. Kuna taa mbili za flashi: moja yenye softboksi inaangaza uso kutoka kushoto, na ya pili inaangaza pazia. Picha zote zimepigwa kwa RAW. Mteja anazihitaji kesho, kwa hiyo haiwezekani kuketi na kila uso kwa nusu saa, lakini kila mhitimu atajitazama yeye peke yake, wala hatajali kwamba picha nyingine 49 zimetoka vizuri.

## Kwanza tambua mpangilio ulioharibika ni wa aina gani

Mipangilio inayonakiliwa haisafiri kwa namna moja, na karibu kila kosa nitakalolieleza linatokana na kuichukulia kana kwamba yote ni sawa. Kuna mipangilio inayohusu mwanga wa studio, kama vile rangi ya mwanga, wasifu wa kamera, mkunjo wa toni, upunguzaji wa chengachenga na marekebisho ya lenzi. Hiyo inafika kwenye picha nyingine ikiwa na thamani zilezile, na inafaa maadamu taa hazikubadilishwa. Kuna maski za otomatiki, kama ile ya ngozi ya uso au ya mtu mzima, ambazo programu huzitafuta upya ndani ya kila picha, hivyo kinachosafiri ni agizo la kutafuta wala si umbo lenyewe. Mwisho kuna mipangilio iliyofungwa kwenye mahali fulani ndani ya fremu: mpaka wa kukatia picha, alama za kufuta madoa, na michirizi ya brashi. Hiyo hutua palepale ilipokuwa kwenye picha ya mfano, hata kama sasa pana pua badala ya shavu.

Ukiona kosa, usianze kuvuta vitelezi. Fungua paneli ya History upande wa kushoto wa moduli ya Develop na usome hatua iliyoiharibu picha, kisha ujiulize hatua hiyo ni ya aina ipi kati ya hizo. Jibu litakuonyesha kama urekebishe picha ya mfano na kunakili upya, au uiguse picha hiyo moja tu.

## Umebandika kwenye picha zote, lakini moja tu ndiyo iliyobadilika

Mhariri anachagua picha zote kwenye ukanda wa chini akiwa ndani ya Develop, anabonyeza Ctrl+Shift+V, na ni picha iliyo mbele yake peke yake inayopokea mipangilio. Huo ndio utaratibu wa programu: ndani ya Develop, kubandika hugusa picha inayoonekana tu, isipokuwa Auto Sync iwe imewashwa. Nenda kwenye gridi ya Library kwa herufi G, chagua picha zote, kisha ubandike hapo, na zote zitapokea. Njia nyingine ni kubaki Develop na kutumia Ctrl+Shift+S, ambayo hufungua dirisha la kusawazisha picha zote zilizochaguliwa.

Katika kusawazisha, chanzo ni picha ambayo fremu yake inang'aa kuliko nyingine zilizochaguliwa. Iwapo picha zote zimegeuka kuwa kama zilivyotoka kwenye kamera, yaelekea ulisawazisha kutoka kwenye picha ambayo haijahaririwa. Bonyeza Ctrl+Z mara moja, kwa kuwa tendo zima la kusawazisha hutenguliwa kwa pamoja.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani upesi: unakata fremu ya picha moja, na picha zote zilizochaguliwa zinakatwa pamoja nayo. Hapo Auto Sync imeachwa ikiwa imewashwa. Tazama kitufe kilicho chini ya paneli ya kulia. Kikiwa kimeandikwa Auto Sync badala ya Sync, kila unachogusa kinakwenda kwenye kila picha iliyochaguliwa. Binafsi napendekeza Auto Sync izimwe muda wote katika kazi za picha za watu. Inaokoa sekunde chache, lakini ikisahaulika inaweza kuharibu saa nzima ya kazi kabla hujatambua.

Na kama mikato yenyewe haiitiki kabisa, huenda kishale kimebaki ndani ya kisanduku cha maandishi, kwa mfano cha maneno ya utafutaji. Bonyeza Esc ujaribu tena. Ctrl+/ huonyesha orodha ya mikato ya moduli uliyomo, jambo linalofaa kwa sababu herufi moja inaweza kuwa na kazi tofauti katika Library na Develop.

## Umesawazisha rangi, lakini ngozi bado hazifanani

Dalili ni kwamba picha ya mfano ina rangi nzuri ya ngozi, umesawazisha White Balance kwenye zote, na bado baadhi ya picha zina umanjano na nyingine zina ubuluu. Mara nyingi mhariri hudhani kusawazisha kumeshindikana, akarudia mara ya pili na ya tatu, na matokeo yakawa yaleyale.

Angalia neno lililo kwenye kisanduku cha White Balance cha picha ya mfano. Likiwa As Shot, hapo ndipo kosa lilipo. As Shot ni agizo la kutumia kipimo ambacho kamera yenyewe ilikiandika wakati wa kupiga, kwa hiyo unapolinakili, kila picha inaambiwa ifuate kipimo chake. Kamera iliyokuwa kwenye upimaji wa otomatiki hupata kipimo tofauti kidogo kila mara: mhitimu mwenye shela ya manjano hukisukuma upande mmoja, na yule mwenye hijabu nyeupe hukisukuma upande mwingine. Taa za studio hazikubadilika hata kidogo, ila kamera ilidanganywa na nguo.

Suluhisho ni kuipa picha ya mfano thamani halisi. Bonyeza W upate kipimio cha rangi, kisha ubofye kwenye kadi ya kijivu kama mpigapicha aliishikisha mhitimu wa kwanza. Kama hakuna kadi, pazia la kijivu linaweza kusaidia, lakini pazia la kitambaa mara nyingi lina rangi yake iliyojificha, kwa hiyo thibitisha matokeo kwa kutazama weupe wa kola ya shati. Kisanduku sasa kitaandika Custom. Ukisawazisha kutoka hapo, picha zote zitapokea kipimo kimoja, na tofauti iliyobaki kati ya ngozi ya mtu na mtu ni tofauti yao ya kweli, ambayo haitakiwi kusawazishwa.

## Madoa mapya yametokea kwenye nyuso zilizokuwa safi

Ukiona kipande cha ngozi kimebandikwa kwenye ukope, au mduara laini usio na maelezo katikati ya shavu, bonyeza Q. Vialama vya zana ya kufuta madoa vitaonekana, na utagundua vimepangika sawasawa na vile vya picha ya mfano. Kisanduku cha zana hiyo kilikuwa na alama ya tiki kwenye dirisha la Copy Settings. Dirisha hilo hukumbuka ulichochagua mara ya mwisho, kwa hiyo kama jana ulinakili kila kitu kwa kazi ya picha za bidhaa, leo litafunguka likiwa limejaa tiki vilevile.

Chunusi ni ya mtu, haina sababu ya kunakiliwa. Kitu pekee cha zana hii kinachostahili kusafiri ni doa la vumbi lililo kwenye kihisi cha kamera, kwa sababu hilo hubaki mahali pamoja katika fremu zote na kwenye pazia tupu linaonekana wazi. Fanya hivi: safisha kwanza doa la vumbi kwenye picha ya mfano, lisawazishe peke yake, kisha ndipo uanze chunusi za kila mmoja. Hakikisha tu kwamba doa halijaangukia uso wa mtu mrefu aliyeketi juu kidogo kuliko wenzake.

Mpaka wa kukatia picha una hukumu hiyohiyo. Tripodi haikusogea, lakini watu hawalingani urefu, na kofia ya mahafali huongeza sentimita kadhaa juu ya kichwa. Ninaona ni salama zaidi kusawazisha mpaka peke yake, mapema, kabla ya kazi nyingine yoyote, kisha kupita kwenye gridi na kuusogeza kwa wale ambao kofia zao zimeguswa na ukingo. Ukiufanya mwishoni, utausawazisha ukiwa umechoka, na kofia iliyokatwa huonekana wakati picha imeshachapishwa.

## Uso umepauka, au uso umeng'aa na shingo imebaki nyuma

Hapa ndipo kazi ya studio zetu inapoharibika zaidi, na hapa ndipo pa kuchukua muda. Tangu mwaka 2022 Lightroom Classic inaweza kumtambua mtu katika picha na kutenganisha sehemu zake: Face Skin, Body Skin, Eyebrows, Eye Sclera, Iris and Pupil, Lips, Teeth, Hair na nyinginezo. Shift+W hufungua paneli ya maski, unachagua People, unabofya mtu, na unaweka tiki kwenye sehemu unazozitaka. Kwa kuwa maski hizi hutafutwa upya katika kila picha, zinafaa sana kwa kazi ya picha 50, na urahisi huo ndio unaomfanya mhariri azitwishe kazi zisizo zao.

Dalili ya kwanza ni uso uliong'aa kuliko shingo na mikono, kiasi kwamba mhitimu anaonekana kama aliyejichubua. Sababu ni kuongeza Exposure ndani ya maski ya Face Skin pekee. Programu imefanya kile ilichoagizwa: imepandisha uso, na shingo haikuwa sehemu ya agizo. Rudi kwenye picha ya mfano, bofya Add ndani ya maski ileile, chagua People tena na uweke tiki kwenye Body Skin, kisha usawazishe maski upya. Lakini jiulize kwanza kwa nini uliongeza mwanga usoni. Ikiwa picha nzima ni nyeusi, dawa ni Exposure ya picha nzima. Maski ya ngozi ni ya kulainisha na kutuliza mng'ao, si ya kubadilisha weusi wa mtu, na mteja aliyekuja na rangi yake ana haki ya kuondoka nayo.

Dalili ya pili ni kupauka. Ngozi nyeusi au ya maji ya kunde inaonekana ya kijivujivu, kama iliyokosa mafuta, na mara nyingi mhariri huona tatizo hili kwenye picha za watu wenye ngozi nyeusi zaidi tu, ilhali mipangilio ni ileile. Sababu za kawaida ni mbili zikitenda pamoja. Ya kwanza ni Shadows iliyoinuliwa sana. Katika ngozi nyeusi, sehemu kubwa ya uso imo katika eneo la vivuli, kwa hiyo kitelezi ambacho kwa mtu mweupe kinagusa kando ya pua tu, kwa huyu kinainua uso mzima, na toni zinazoinuliwa bila kuongezewa rangi hupoteza wekundu na udhahabu wake. Ya pili ni Clarity iliyoshushwa kupita kiasi ili kulainisha ngozi. Clarity hasi hupunguza tofauti kati ya sehemu angavu na zenye giza ndani ya uso, na ni tofauti hiyo inayompa mtu mwenye ngozi nyeusi umbo la shavu na paji lake.

Ili kujua ni ipi kati ya hizo mbili, bofya alama ya jicho pembeni mwa jina la maski uizime. Ikiwa kijivu kinaondoka, kosa limo ndani ya maski. Ikiwa kinabaki, limo kwenye mipangilio ya picha nzima, na hapo Shadows ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kwa kulainisha ngozi katika maski, napendelea Texture kati ya -15 na -25, na Clarity isiyozidi -10. Texture hugusa maelezo madogo kama vinyweleo bila kuvuruga umbo la uso. Kipime kwa ukubwa wa asilimia 100, ambao unaupata kwa herufi Z ikiwa umeuchagua kwenye Navigator: ukitazama shavu na usione kinyweleo hata kimoja, umezidisha. Ikiwa Shadows ya picha nzima ilihitajika ili joho lisiwe weusi mtupu, iache kidogo, kisha ndani ya maski ya ngozi irudishe chini kwa kiasi kama hicho, na uongeze Saturation ya 4 au 5.

Mng'ao wa paji la uso una mtego wake. Ukishusha Highlights ndani ya Face Skin hadi -40, sehemu iliyong'aa inageuka baka la kijivu kwa sababu flashi ilikuwa imeshafuta rangi ya ngozi pale, na hakuna kitelezi kinachoweza kurudisha kisichokuwepo. Tengeneza maski ya pili ya Face Skin, ili ile ya kulainisha isiguswe, shikilia Alt, kitufe cha Intersect kitatokea, chagua Luminance Range, na uiwekee mipaka ya sehemu angavu tu. Kisha shusha Highlights kwa takriban -15 na uongeze joto kidogo kwa Temp. Kwa baka lililokufa kabisa, tumia zana ya kufuta madoa ikiwa na Opacity ya karibu 50, kwa mkono, picha kwa picha. Kwa kawaida ni watu wachache tu wanaohitaji hivyo.

Kama ukolezo wa maski unafaa kwa wengi lakini umezidi kwa mmoja, usianze kuvuta vitelezi vyake kimoja kimoja. Kila maski ina kitelezi cha Amount, na kukishusha kutoka 100 hadi 60 hupunguza marekebisho yote ya maski hiyo kwa uwiano.

## Joho jeusi limeyeyukia kwenye pazia

Umechagua Background ili kulififisha pazia, na kwenye picha ya mfano maski ilikuwa safi. Kwenye picha nyingine bega la joho limeingizwa kwenye pazia na limefifishwa pamoja nalo, au pembe ya kofia imeachwa nje. Bonyeza O ili uone eneo la maski likiwa limepakwa rangi, na kama rangi hiyo haionekani vizuri juu ya nguo, Shift+O huibadilisha.

Hapa programu imetafuta mpaka kati ya mtu na pazia na haikuuona, kwa sababu joho jeusi lililo kivulini linakaribia ukolezo wa pazia lenyewe. Wengi huchukua Subtract kwa brashi na kulipaka bega kwenye picha ya mfano, kisha wanasawazisha. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya otomatiki inatafutwa upya katika kila picha lakini mchirizi wa brashi unabaki palepale, na sasa mtu aliyeketi kulia zaidi ana baka la pazia lisilofifishwa likiwa hewani kando ya shingo.

Ikiwa tatizo liko chini ya fremu, kwenye mabega, tumia Subtract kwa Linear Gradient badala ya brashi. Nayo pia imefungwa mahali, lakini mahali hapo panafaa kwa wote: kamera haikusogea, na sehemu ya chini ya fremu ni joho kwa kila mhitimu. Mpito wake ni laini, kwa hiyo tofauti ya sentimita chache za urefu haionekani. Kwa zile picha mbili tatu ambazo bado zina kasoro baada ya hapo, brashi inaruhusiwa, mradi usisawazishe tena kutoka kwao.

## Maski ipo kwenye orodha, lakini haina kitu

Mhitimu aliyefumba mdomo hana meno ya kuonyesha, kwa hiyo maski yake ya Teeth itabaki tupu, na hilo si kosa. Kinachohitaji uangalizi ni macho. Kwa aliyevaa miwani yenye mwako wa softboksi, Eye Sclera inaweza kukosa sehemu ya jicho au kuuchukua mwako wenyewe, na kuongezeka kwa mwanga kwenye jicho moja bila la pili kunaonekana hata kwenye picha ya pasipoti. Zima maski ya macho kwa watu wa miwani, isipokuwa umeitazama kwa karibu. Uso uliogeuka sana upande nao huleta matokeo yasiyoaminika.

Pia kumbuka kwamba sehemu zote ulizowekea tiki zinaunganishwa kuwa maski moja usipochagua kuziunda kwa kutenganishwa. Macho yaliyolainishwa kwa Texture hasi pamoja na ngozi huonekana yenye ukungu, na chanzo chake ni tiki hiyo moja.

Kama picha kadhaa mfululizo hazina maski kabisa, huenda programu haijamaliza kuzikokotoa, au inasubiri uiagize. Katika matoleo ya karibuni kuna amri ya Update AI Settings kwenye menyu ya Settings. Kazi hii ni nzito kwa kompyuta, hasa isiyo na kadi ya michoro yenye nguvu: maski tatu kwa picha 50 ni utafutaji 150. Kwa sababu hiyo usisawazishe maski kabla hujaridhika na rangi, mwanga na mpaka wa fremu. Maliza hayo kwanza, ndipo uzipeleke maski kwa mara moja, na uiache kompyuta ifanye kazi bila kuigusa.

## Kisa kimoja, kutoka dalili hadi dawa

Tuseme picha ya 1 hadi ya 30 ni nzuri, lakini ya 31 hadi ya 38 zina nyuso za giza na zilizopauka, kisha ya 39 mambo yanarudi sawa. Mipangilio ya kuhariri ni ileile, na White Balance ni Custom kwa zote. Taarifa za kamera zinaonyesha f/8, sekunde 1/125 na ISO 100 kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mtu anaweza kukimbilia Match Total Exposures, iliyo kwenye menyu ya Settings. Katika kisa hiki haitasaidia. Amri hiyo hulinganisha picha kwa kutumia taarifa za kamera, yaani uwazi wa lenzi, kasi ya shata na ISO, na hizo hazikubadilika. Nguvu ya flashi haimo ndani ya taarifa hizo.

Basi tumia pazia kama kipimo. Ukiwa Develop, weka kishale juu ya pazia, sehemu ileile ya fremu, na usome asilimia za R, G na B chini ya histogramu. Picha ya 30 inasoma karibu 52 kwa zote tatu, na picha ya 31 nayo inasoma 52. Sasa weka kishale kwenye kola nyeupe ya shati: watu hawafanani rangi, kwa hiyo uso wenyewe si kipimo kizuri, lakini kola ni kipimo kizuri. Kwenye picha ya 30 inasoma karibu 88, na kwenye ya 31 inasoma 74. Pazia halikubadilika, kola imeshuka. Kwa hiyo taa ya pazia ilikuwa sawa, na ni ile ya softboksi iliyotoa mwanga pungufu, ama kwa sababu ilisogezwa nyuma, ama kwa sababu mpigapicha alibonyeza kabla haijajaa tena. Kama pazia na kola vingeshuka pamoja, dawa ingekuwa Exposure ya picha nzima, na kazi ingeishia hapo.

Hapa Exposure ya picha nzima ingepandisha pazia na kuzifanya picha hizo nane zionekane zimepigwa siku nyingine. Badala yake, chukua picha ya 31, ongeza maski mpya ya Select Subject, na upandishe Exposure ndani yake hadi kola isome karibu 88. Pengine itahitaji nusu stopu au zaidi kidogo. Angalia ukingo wa mtu kwa O, hasa mabega. Kisha chagua picha ya 31 hadi ya 38, hakikisha ya 31 ndiyo inayong'aa, bonyeza Ctrl+Shift+S, chagua Check None, na uweke tiki kwenye maski hiyo mpya peke yake. Maski za ngozi zilizokuwepo zisiguswe.

Baada ya programu kuzitafuta upya, pita picha hizo nane ukisoma kola ya kila moja. Taa iliyokuwa haijajaa haikosi kwa kiasi kilekile kila mara, kwa hiyo picha ya 33 inaweza kusoma 91 na ya 36 ikasoma 84. Rekebisha tofauti hiyo kwa Amount ya maski. Utaona pia kwamba kupauka kumeondoka bila kugusa maski ya ngozi, kwa sababu ngozi imetoka kwenye eneo la vivuli ambako Shadows ilikuwa ikiichubua. Mhariri ambaye angeanza na Saturation angekuwa ameongeza rangi kwenye ngozi iliyokuwa ikihitaji mwanga.

Mwisho rudi kwenye gridi, weka picha ya 28 hadi ya 41 mbele yako kwa ukubwa mdogo, na utazame pazia tu, si nyuso. Mahali ambapo pazia linaruka kutoka kijivu kimoja hadi kingine ndipo pa kufungua tena kabla ya kubonyeza Ctrl+Shift+E na kuzitoa picha katika sRGB kwa ajili ya simu za wahitimu na mashine ya uchapaji.